Duka la Mtandaoni Linavyoweza Kuonekana Kwenye Ramani ya Google
Maelezo ya mada iliyoandaliwa kwa wafanyabiashara wadogo wanaouza kupitia simu na mtandao



Mama anayeoka keki nyumbani Mtwapa anaweza kuwa na wafuasi wengi kwenye Facebook na WhatsApp, na bado jirani aliye mtaa wa pili asijue kwamba yupo. Jirani huyo anapohitaji keki ya siku ya kuzaliwa ya mtoto, haanzi kwa kutafuta ukurasa wa Facebook wa mtu asiyemjua. Anafungua simu na kuandika "cake near me" au "keki Mtwapa". Google inamletea ramani ndogo yenye majina machache ya biashara, kila moja na nyota zake, saa za kazi na kitufe cha kupiga simu. Mara nyingi anapigia mojawapo ya hizo, na oda inaondoka mtaani.

Majina hayo kwenye ramani hayatoki Facebook wala Instagram. Yanatoka kwenye huduma ya Google iitwayo Google Business Profile, yaani wasifu wa biashara, ambayo ni ya bure. Mwenye biashara huufungua mwenyewe kwa anwani ya business.google.com/add, akitumia akaunti ya kawaida ya Gmail. Kujaza fomu si kazi ngumu. Ugumu uko kwenye masharti, kwa sababu muuzaji wa mtandaoni asiye na duka la kuingia ndiye anayekosea kwa urahisi zaidi, na kosa hilo linaweza kufanya wasifu wake ufungiwe baada ya kazi ya miezi mingi. Mada hii itafuata mfano huo wa mwokaji wa Mtwapa hatua kwa hatua.

Nani anaruhusiwa

Sharti la kwanza la Google ni kwamba biashara ikutane na wateja wake ana kwa ana katika saa ilizotangaza. Biashara inayouza mtandaoni tu, ikatuma kila kifurushi kwa basi au kwa kampuni ya usafirishaji bila kuonana na mnunuzi, hairuhusiwi kuwa na wasifu huu. Watu wengi hulijua sharti hili wakiwa wamechelewa.

Mwokaji wa Mtwapa anaruhusiwa, kwa sababu anapeleka keki mwenyewe, au anamtuma mfanyakazi wake, hadi mlangoni kwa mteja. Google humhesabu kuwa biashara ya eneo la huduma, kundi moja na fundi bomba au mtu wa kusafisha mazulia. Wote hao humfuata mteja alipo.

Anayeuza viatu kwa kutuma vifurushi hadi Kisumu na Nakuru hasaidiki kwa kuazima anwani ya duka la rafiki yake ili apate alama kwenye ramani. Anwani ambayo biashara haina mtu wake hapo katika saa za kazi haikubaliki, na sanduku la posta halikubaliki pia. Huyo afadhali aweke nguvu kwenye tovuti yake na kurasa zake za mitandao ya kijamii. Akianza kupeleka bidhaa mwenyewe kwa wateja wa karibu, hapo ndipo anapokuwa na haki ya kufungua wasifu.

Anwani ya nyumbani isionekane

Katika kujaza fomu, swali linaloamua mambo mengi ni lile linalouliza kama wateja huja kwenye eneo la biashara. Mwokaji anayefanya kazi jikoni kwake, asiyepokea wateja, anajibu hapana. Anwani ya nyumba yake bado anaweza kuiandika kwa ajili ya uthibitisho, lakini haionyeshwi kwa umma. Badala ya alama ya mahali pake, mteja ataona orodha ya maeneo anayohudumia.

Akikosea akajibu ndiyo, ramani itaweka alama juu ya paa la nyumba yake. Watu asiowajua wataweza kufuata maelekezo ya njia hadi langoni, mchana au usiku. Tena, nyumba isiyo na kibao cha biashara ikitangazwa kama duka, Google inaweza kuuona wasifu huo kuwa unapotosha na kuufungia. Aliyekwisha kukosea anaweza kurekebisha: anafungua sehemu ya kuhariri wasifu, anakwenda kwenye mahali na maeneo, anafuta anwani au kuzima kuonyeshwa kwake, kisha anaweka maeneo ya huduma.

Maeneo ya huduma huandikwa kwa majina ya miji, mitaa au kaunti, yasiyozidi 20. Google inaelekeza pia kwamba eneo lote lisipite kiasi cha mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka biashara ilipo. Kwa mwokaji wetu, Mtwapa, Shanzu, Kikambala, Vipingo na Kilifi mjini yanatosha. Malindi iko kwenye ukingo wa saa hizo mbili, na keki ya malai haivumilii safari hiyo kwenye joto la Pwani. Kuandika Malindi kunamletea simu za watu ambao atalazimika kuwakatalia.

Jina, aina na nambari ya simu

Jina kwenye wasifu ni lile lile ambalo biashara inatumia kwenye risiti, kwenye boksi la keki na kwenye cheti cha usajili. Kama jina ni "Keki za Pwani", basi liandikwe hivyo tu. Wengi hushawishika kuandika "Keki za Pwani Best Birthday Cakes Mtwapa Cheap Delivery", wakitumaini kuonekana kwa kila neno. Kuongeza maneno ya aina hiyo kwenye jina ni kinyume cha masharti, na mshindani yeyote anaweza kuripoti kwa kubonyeza sehemu ya kupendekeza marekebisho.

Maneno ya kutafutwa yana mahali pake, napo ni kwenye aina ya biashara. Aina hazitungwi, huchaguliwa kutoka orodha ya Google. Kuna aina moja kuu, na nyingine za ziada zisizozidi 9. Aina kuu ndiyo yenye uzito mkubwa. Mwokaji akichagua "Bakery" atashindana na wauza mikate wote. Akichagua "Cake shop" atakuwa karibu zaidi na kile mteja anachokitafuta, na "Bakery" anaweza kuiweka katika zile za ziada. Kama haoki mikate kabisa, aiache. Aina za ziada zinapaswa kueleza kazi anayoifanya, si zile anazotamani kuzifanya siku moja.

Maelezo ya biashara yana nafasi ya herufi 750. Hapo anaeleza anachooka, oda inahitaji siku ngapi, na anapeleka wapi. Bei na ofa hazifai hapo, wala viungo vya tovuti. Bei inawekwa kwenye sehemu ya bidhaa, ambapo kila keki ina picha yake, jina na bei. Picha ziwe za keki alizozioka mwenyewe. Picha iliyochukuliwa mtandaoni humletea mteja anayedai keki ambayo mwokaji hajawahi kuitengeneza.

Nambari ya simu iandikwe kwa mtindo wa kimataifa, ikianza na +254 na bila sifuri baada yake. Iwe ni nambari ile ile iliyo kwenye Facebook na WhatsApp. Biashara inayoonyesha nambari tatu tofauti katika sehemu tatu humfanya mteja asijue ni ipi inayoshikwa.

Kuhusu tovuti, masharti ya Google hayataki kiungo cha ukurasa wa Facebook au Instagram kiwekwe mahali pa tovuti. Kurasa hizo zina sehemu yake ya pekee ndani ya wasifu, chini ya viungo vya mitandao ya kijamii. Wafanyabiashara waliokuwa wakitegemea tovuti za bure zilizotengenezwa na Google yenyewe, zilizoishia na business.site, wajue kwamba tovuti hizo zilifungwa Machi 2024. Kiungo cha zamani kikiwa bado kimechapishwa kwenye kadi au boksi, hakimfikishi mteja popote.

Video ya uthibitisho

Wasifu haufanyi kazi kikamilifu mpaka uthibitishwe. Google ndiyo inayochagua njia, na kwa biashara za eneo la huduma mara nyingi ni video inayorekodiwa kwa simu. Wengi hukwama hapa kwa sababu hurekodi bila matayarisho.

Video inapaswa kuwa moja, isiyokatwa wala kuhaririwa, na isipungue sekunde 30. Inapaswa kuonyesha mambo matatu. La kwanza ni mahali: barabara, kibao cha mtaa, au duka la jirani lenye jina linalosomeka, ili anayekagua aone kwamba ni kweli Mtwapa. La pili ni kwamba biashara ipo: tanuri, mizani, sufuria za kuokea, maboksi yenye jina la biashara. La tatu ni kwamba anayerekodi ndiye anayeisimamia: anafungua mlango kwa ufunguo wake, anaingia jikoni, kisha anaonyesha kibali cha biashara au cheti cha usajili chenye jina lile lile lililo kwenye wasifu.

Mwokaji wa mfano wetu anaweza kuanza kurekodi akiwa barabarani, aelekeze kamera kwenye kibao kilicho karibu, atembee hadi nyumbani, afungue mlango, aonyeshe tanuri na maboksi, na amalizie kwenye kibali kilichobandikwa ukutani. Dakika moja na nusu hadi mbili zinamtosha. Nyuso za watu, nambari za kitambulisho na za akaunti ya benki zisionekane. Ukaguzi unaweza kuchukua hadi siku 5 za kazi. Katika siku hizo asibadilishe jina wala anwani, kwani mabadiliko hayo yanaweza kumlazimu kuthibitisha upya.

Ndiyo maana kibali cha biashara cha kaunti, ambacho wengi hukiona kuwa karatasi ya kumwonyesha askari wa kaunti tu, kina faida hapa pia. Anayeoka kwa ajili ya kuuza anahitaji vilevile vibali vya afya kutoka idara ya afya ya umma ya kaunti. Jina likiwa moja kwenye karatasi zote, uthibitisho unakuwa mwepesi. Kama kibali kinasema jina moja na wasifu unasema lingine, anayekagua video hana namna ya kujua kwamba ni biashara hiyo hiyo.

Kinachomweka mtu juu au chini

Google imeeleza wazi kwamba mpangilio wa majina kwenye ramani hutegemea mambo matatu: jinsi biashara inavyolingana na kilichotafutwa, umbali kutoka kwa anayetafuta, na jinsi biashara inavyojulikana. Imesema pia kwamba hakuna malipo yanayonunua nafasi ya juu katika matokeo haya ya kawaida. Matangazo ya kulipia yapo, lakini hayo huwekwa alama ya tangazo.

Jambo la umbali huwavunja wengi moyo wasipolielewa. Mwokaji wa Mtwapa anaweza kuonekana wa kwanza kwa aliye Mtwapa, wa tano kwa aliye Shanzu, na asionekane kabisa kwa aliye Nyali, ambako kuna wengine walio karibu zaidi. Kuandika Nyali kwenye maeneo ya huduma hakuondoi jambo hilo. Orodha ya maeneo humwambia mteja keki inafika wapi, lakini haimsogezi mwokaji karibu naye. Kwa hiyo kipimo sahihi cha mafanikio ni kuonekana vizuri nyumbani na mitaa inayopakana nayo.

Umbali hauna dawa, lakini kujulikana kunaweza kukuzwa, na njia kuu ni maoni ya wateja. Ndani ya wasifu kuna kitufe cha kuomba maoni, nacho hutoa kiungo ambacho mwokaji anaweza kukituma kwa WhatsApp. Wakati mzuri ni jioni ya siku ya sherehe au kesho yake, mteja akiwa bado ana picha ya keki kwenye simu. Ujumbe mfupi unatosha: shukrani, kiungo, na ombi la kueleza ni keki gani aliyoagiza na ilifika wapi. Maoni yanayosema "keki ya harusi ya ngazi tatu, ililetwa Kikambala kwa wakati" yanamsaidia mteja ajaye kuliko nyota tano zisizo na neno.

Hairuhusiwi kutoa punguzo, zawadi au pesa ili mtu aandike maoni, wala kuwaandikisha ndugu na wafanyakazi. Maoni 20 yakiingia usiku mmoja kwa biashara iliyokuwa na mawili, Google inaweza kuyafuta yote, yakiwemo ya kweli. Mawili au matatu kila wiki ni mwendo unaoaminika. Kwa maoni mabaya, jibu fupi la heshima linaloeleza kilichorekebishwa lina faida zaidi kuliko ubishi, kwa kuwa wanaolisoma ni wateja wapya.

Akaunti iwe ya mwenye biashara

Hasara kubwa kuliko zote huanza siku ya kwanza, mwenye biashara anapomwachia kijana wa saiba au wakala afungue wasifu kwa barua pepe yake mwenyewe. Wasifu huwa mali ya barua pepe hiyo. Wakibishana kuhusu malipo, au kijana akihama na kusahau nenosiri, mwokaji hawezi kubadilisha hata nambari ya simu, na oda zinaendelea kuingia kwenye laini iliyokufa.

Njia salama ni mwokaji kufungua wasifu kwa Gmail yake, kisha kumwongeza msaidizi kama meneja. Meneja anaweza kuhariri na kujibu maoni, lakini hawezi kumwondoa mwenye mali. Kama wasifu tayari uko mikononi mwa mwingine, kufungua wa pili si dawa; nakala mbili za biashara moja ni kinyume cha masharti. Anayetafuta biashara yake kwenye business.google.com/add na kukuta imekwisha chukuliwa ataona sehemu ya kuomba ruhusa. Aliyenayo ana siku 3 za kujibu. Akinyamaza, mwombaji anaweza kupewa nafasi ya kuudai wasifu kwa kuthibitisha kwamba biashara ni yake.

Kuna pia wanaopiga simu wakijifanya ni wa Google. Husema wasifu utafutwa leo usipolipiwa kwa M-Pesa, au huomba msimbo wa tarakimu uliotumwa kwenye simu. Google haidai malipo ili biashara iwe kwenye ramani. Msimbo wa uthibitisho ni ufunguo wa wasifu. Anayeutoa ameutoa wasifu wenyewe.

Wasifu ukifungiwa, mwenye biashara huarifiwa kwa barua pepe, na ukiingia kwenye akaunti utaona taarifa hiyo. Asikimbilie kukata rufaa siku hiyo hiyo. Kwanza arekebishe kosa, iwe ni jina lililoongezwa maneno au anwani isiyostahili. Pili, apige picha safi za cheti cha usajili, kibali cha biashara na bili yenye jina la biashara. Fomu ya kuambatisha ushahidi ikishafunguliwa ina muda wa dakika 60 tu, na asiyekuwa na karatasi tayari huupoteza akizitafuta kabatini.

Kujua kama inafanya kazi

Kujitafuta kwa simu yake mwenyewe kunamdanganya mwenye biashara, kwa kuwa Google inajua akaunti yake na mahali alipo, ambapo ni pale pale biashara ilipo. Jaribio la kweli ni kumwomba mtu aliye Shanzu na mwingine aliye Kikambala watafute "cake shop" bila kuandika jina la biashara, kisha watume picha ya skrini. Afanye hivyo mara moja kwa mwezi, na aziweke picha hizo ili aweze kulinganisha.

Ndani ya wasifu kuna pia sehemu iitwayo Performance. Inaonyesha ni watu wangapi waliuona wasifu, wangapi walibonyeza kupiga simu, na maneno waliyoyaandika wakitafuta. Watu wakiuona wasifu lakini hawapigi, tatizo huenda liko kwenye picha, bei au uhaba wa maoni. Wakiwa hata hawauoni, tatizo huenda liko kwenye aina ya biashara au uthibitisho. Na kama wanaotafuta kwa jina la biashara ni wengi kuliko wanaotafuta "keki", maana yake wanaomfikia ni wale wanaomjua tayari. Jirani wa mtaa wa pili bado hajampata.

Hesabu ya mwisho ni ya daftari. Kila oda mpya inapoingia, mwokaji amuulize mteja amempata wapi, na aandike jibu kando ya jina. Baada ya miezi mitatu, daftari hilo litamwonyesha ni oda ngapi zilitoka kwenye ramani na kutoka mitaa gani, na hapo atajua kama orodha yake ya maeneo ya huduma inastahili kupunguzwa, kubaki ilivyo, au kuongezwa.